Kufuta vitu kwenye akaunti ya Google inayotumiwa na watu kadhaa: kwa nini nenosiri hubadilishwa kwanza

Wengi wanaotaka kusafisha akaunti ya pamoja huanza na kitufe cha kufuta, na siku mbili baadaye hukuta picha zilezile zimerudi, au hukuta mwenzao ameshazipakua zote. Sababu yake ni kwamba kitu kinachofutwa kwenye akaunti ya Google hakipotei papo hapo. Picha iliyohifadhiwa Google Photos hukaa kwenye pipa la taka siku 60, ilhali barua za Gmail na mafaili ya Drive hukaa siku 30. Katika muda huo, mtu yeyote mwenye nenosiri anaweza kulifungua pipa na kurejesha kila kitu kwa kubonyeza mara mbili tatu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja hadi mwisho. Tuchukulie mume na mke wana duka la mapambo ya harusi mjini Morogoro na msaidizi mmoja, na wote watatu wamekuwa wakitumia akaunti moja ya Google kwa simu zao na kwa kompyuta ya dukani. Msaidizi ameacha kazi. Mke, ambaye ndiye aliyeifungua akaunti, anataka kuondoa picha za watoto zilizoingia humo, nakala za vitambulisho vya wateja zilizomo Drive, na barua za zamani zenye viambatisho vikubwa.

## Mahitaji

- Kompyuta yenye kivinjari. Kazi hii inawezekana kwa simu, lakini kuchagua picha mamia kwa kidole huleta makosa.
- Simu yenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini yenye jina la mwenzako haifai, hata kama wewe ndiye unayeitumia kila siku, kwa kuwa mwenye jina anaweza kwenda kwa wakala na kupewa laini mpya yenye namba hiyohiyo.
- Anwani ya barua pepe ya pili ambayo hakuna mwingine anayeifungua.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha kubeba nakala ya vilivyomo.
- Karatasi na kalamu kwa ajili ya misimbo ya akiba ya kuingilia kwenye akaunti.
- Siku kumi na mbili hivi. Kazi yenyewe haihitaji muda huo wote, ila kuna kipindi cha kusubiri ambacho hakikwepeki, na sababu yake imeelezwa katika hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni haki yako kufuta

Akaunti ikiwa ilifunguliwa na mwenzako kwa jina lake na namba yake, kubadili nenosiri bila idhini yake ni kumfungia nje ya mali yake. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015, na ile ya Kenya ya 2018, zote zinaharamisha kuingilia mfumo au data ya mtu bila ruhusa. Kama wewe si mwenye akaunti, mwombe mwenyewe afanye kazi hii.

Katika mfano wetu, mke anazungumza kwanza na mumewe, kisha anampigia simu yule msaidizi. Mazungumzo haya hayafanywi kwa adabu tu. Majina na namba ambazo msaidizi alizihifadhi kwenye akaunti ya duka zitatoweka kwenye simu yake mara akaunti itakapoondolewa. Pia, kama aliwahi kubonyeza `Free up space` ndani ya Google Photos, picha zake binafsi hazimo tena kwenye simu. Zimebaki kwenye akaunti pekee, hata kama yeye anadhani ziko mkononi mwake. Apewe siku moja au mbili za kuchukua vilivyo vyake.

Angalieni vilevile yasiyopaswa kufutwa. Kumbukumbu za kodi huhifadhiwa miaka 5 nchini Tanzania, na Kenya ni hivyohivyo. Risiti na ankara zilizomo Gmail zitengwe kwenye folda yake kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa kuna kesi au shauri linaloendelea, usifute chochote kinachohusika nalo bila kumwuliza wakili.

Onyo kwa anayeishi na mwenza mkali. Kubadili nenosiri huzitoa simu nyingine kwenye akaunti na hutuma taarifa, kwa hiyo mwenzako atajua ndani ya dakika chache. Kama kujua kwake kunaweza kukuletea madhara, usianze kazi hii mkiwa nyumba moja. Tafuta kwanza mahali salama na mtu wa kuwa naye, na utumie kifaa ambacho yeye hajawahi kukishika.

## Hatua ya 2: Badili nenosiri

Fungua `myaccount.google.com`, ingia `Security`, kisha `Password`. Andika nenosiri jipya kabisa lenye herufi 12 au zaidi. Usiongeze tarakimu moja kwenye lile la zamani, kwa kuwa aliyekuwa akilijua la zamani atajaribu hivyo kabla ya kitu kingine. Usilihifadhi kwenye kivinjari cha kompyuta ya dukani.

Sasa sababu ya hatua hii kutangulia, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo mzima. Ufutaji wa akaunti kubwa hauishi kwa dakika moja. Huchukua saa, pengine siku. Ukiuanza huku wenzako bado wamo ndani, kila unachofuta hutoweka pia kwenye skrini zao, kwa sababu simu zote zinalandana na akaunti ileile. Mume anaweza kuona picha za watoto zikipungua kwenye simu yake mwenyewe, akadhani ni hitilafu, akaingia kwenye pipa na kuzirejesha kwa nia njema kabisa. Msaidizi aliyeondoka kwa uchungu anaweza kufanya zaidi ya hapo: akapakua vitambulisho vya wateja, au akabadili nenosiri yeye kabla yako, na kuanzia hapo wewe ndiye unayeomba kufunguliwa mlango.

Kuna pia simu zinazopandisha vitu zenyewe. Simu iliyomo kwenye akaunti na ambayo imewashwa `Backup` huendelea kupandisha picha za kwenye folda zilizochaguliwa. Picha ileile ikiwa iliwahi kutumwa kwa WhatsApp na folda hiyo nayo inahifadhiwa, nakala ya WhatsApp huhesabika kuwa picha nyingine, na hupanda hata kama ya kwanza umeifuta. Wengi wanaolalamika kwamba Google imerudisha picha zao wamekutana na jambo hili.

Utakavyojua umefanikiwa: fungua dirisha la hali fiche, andika anwani ya akaunti, kisha jaribu nenosiri la zamani. Google itakataa na kukuambia kwamba nenosiri hilo lilibadilishwa muda fulani uliopita.

## Hatua ya 3: Funga milango ambayo nenosiri halifungi

Usiondoke kwenye kiti kabla ya kumaliza hatua hii. Wanaokwama wengi wamebadili nenosiri vizuri, kisha wakaacha njia nyingine wazi.

Namba na barua pepe ya kurejesha akaunti. Msaidizi akikuta ametolewa, atabonyeza kiungo cha kusahau nenosiri. Kama namba iliyoandikwa kwenye `Recovery phone` ni yake, msimbo utakwenda kwake na atarudi ndani bila kukuuliza. Weka namba yako na ile anwani yako ya pili, kisha ondoa za wengine. Ujue pia kwamba Google inaweza kuendelea kuikubali namba au anwani ya zamani kwa siku 7 baada ya mabadiliko. Utaratibu huo uliwekwa kumlinda mtu ambaye akaunti yake imeporwa na mwizi akabadili namba, lakini kwako wewe una maana kwamba kwa siku 7 mlango wa nyuma huenda bado uko wazi. Ndiyo sababu hatufuti leo.

Funguo za siri. Chini ya `Passkeys and security keys` utaona simu zinazoweza kuingia kwa alama ya kidole au uso bila kuuliza nenosiri lolote. Kubadili nenosiri hakuziondoi. Futa kila isiyo yako.

Uthibitishaji wa hatua mbili. Fungua `2-Step Verification`, ondoa namba na vifaa vya wengine, washa huduma kwa namba yako, kisha tengeneza misimbo mipya ya akiba. Utapewa 10, na kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi. Seti mpya huibatilisha ya zamani, jambo lenye manufaa ikiwa ile ya zamani ilipigwa picha na mtu.

Vifaa. Nenosiri likibadilishwa, Google huvitoa vifaa vingi vyenyewe, lakini si vyote. Hubaki vifaa vinavyotumika kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia, baadhi ya vile vyenye programu za nje ulizozipa ruhusa, na vifaa vya nyumbani kama spika. Simu ya mume, kama ndiyo iliyokuwa ikipokea swali la kuthibitisha, inaweza kubaki ndani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ingia `Your devices`, kisha `Manage all devices`, ubonyeze `Sign out` kwa kila kifaa usichokishika mkononi muda huu.

Gmail yenyewe. Kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya Gmail na ukague sehemu tatu: `Forwarding and POP/IMAP`, `Filters and Blocked Addresses`, na ndani ya `Accounts and Import` kipengele cha `Grant access to your account`. Barua zikiwa zinaelekezwa kwa anwani nyingine, zitaendelea kwenda huko hata kama mwenye anwani hiyo hajui nenosiri lolote. Hili husahaulika kuliko mengine yote, nami nalihesabu kuwa la hatari zaidi, kwa kuwa halionyeshi dalili yoyote kwenye simu yako.

Utakavyojua umefanikiwa: orodha ya vifaa inaonyesha vyako tu, hakuna anwani ya kuelekezea barua, na chini kulia kwenye Gmail ya kompyuta, ukibonyeza `Details`, shughuli za karibuni zote zinatoka kwenye vifaa unavyovitambua.

## Hatua ya 4: Chukua nakala wakati unasubiri

Siku 7 za kusubiri hazipotei bure. Fungua `takeout.google.com`, chagua Photos, Drive, Gmail na Contacts, kisha omba nakala. Kutegemea wingi wa vitu, kifurushi hukamilika kwa dakika kadhaa au hata siku kadhaa. Kiungo cha kupakulia huja kwenye barua pepe na hudumu takriban siku 7 tu.

Baadhi ya watu huchukua nakala kwanza na kubadili nenosiri baadaye, wakiamini kwamba huo ndio uangalifu. Mimi naukataa mpangilio huo. Kiungo cha kifurushi hutumwa kwenye kikasha kilekile ambacho wote wanakifungua, hivyo unakuwa umemkusanyia kila mwenye nenosiri mali yote mahali pamoja, tayari kupakuliwa.

Pakua kifurushi kwenye diski ya nje, kifungue, uangalie picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Nakala ambayo haijafunguliwa haihesabiki. Katika mfano wetu, mke anamtengenezea mumewe nakala ya picha za watoto kwenye flashi, na picha binafsi za msaidizi anazitenga ili azichukue.

Katika kipindi hichohicho, funga viungo vya kushiriki. Kiungo cha Drive kilichowekwa `Anyone with the link` hakihitaji kuingia kwenye akaunti, kwa hiyo nenosiri jipya halikigusi. Kibadilishe kuwa `Restricted`. Kwenye Google Photos, angalia albamu zenye viungo pamoja na `Partner sharing`, kipengele ambacho wanandoa wengi walikiwasha zamani na kukisahau, nacho huendelea kupeleka picha kwenye akaunti ya mwenza kila siku.

## Hatua ya 5: Futa, sehemu moja baada ya nyingine

Siku ya tisa, angalia tena orodha ya vifaa. Hakuna sura ngeni? Endelea.

Picha. Fungua `photos.google.com` kwenye kompyuta. Chagua picha ya kwanza, shikilia kitufe cha Shift, bonyeza ya mwisho ya kundi hilo, kisha futa. Fanya kwa makundi ya mwezi mmoja mmoja ili kosa likitokea ujue liko wapi. Kumbuka kwamba picha ikifutwa hapa huondolewa pia kwenye simu yako inayolandana na akaunti hii. Ukitaka ibaki kwenye simu, iwe imo kwanza kwenye ile diski.

Mafaili ya Drive. Faili linalomilikiwa na akaunti ya duka likifutwa kabisa hadi kwenye pipa, hutoweka pia kwa waliopewa ruhusa ya kulifungua. Lakini faili linalomilikiwa na akaunti nyingine halifutiki kwako. Unachoondoa ni mwonekano wake tu. Angalia safu ya `Owner` kabla ya kujisifu kwamba nakala za vitambulisho zimekwisha. Zile zilizopandishwa na msaidizi kutoka kwenye akaunti yake binafsi bado ni zake, na njia pekee ni kumwomba azifute.

Usifute kwa haraka vilivyomo kwenye sehemu ya `Backups`. Huenda humo kuna nakala ya mazungumzo ya WhatsApp ya simu ya mume, na ikifutwa hairudi.

Barua. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika mfano kama huu:

```
has:attachment larger:5M before:2023/01/01
```

Hutafuta barua zenye viambatisho, zinazozidi megabaiti 5, za kabla ya tarehe hiyo. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha juu, utachagua zilizo kwenye ukurasa huo tu. Chini yake hutokea mstari wa kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na utafutaji. Pitia kurasa mbili tatu kwa macho kabla ya kuubonyeza, kwani Gmail hufuta mazungumzo mazima pamoja na majibu yake, na barua muhimu ya mteja inaweza kuwa katikati. Waliotumiwa barua hizo bado wanazo kwao.

## Hatua ya 6: Pipa la taka

Sasa vyote vimo kwenye mapipa matatu tofauti: la Photos, la Drive na la Gmail. Kumwaga moja hakumwagi mengine. Kwenye baadhi ya simu pipa huandikwa `Bin` badala ya `Trash`.

Napendekeza uyaache siku tatu hivi. Kabla ya nenosiri kubadilishwa, pipa lilikuwa hatari kwa sababu kila mtu aliweza kulifungua. Sasa wewe peke yako ndiye mwenye ufunguo, na limegeuka kuwa kinga dhidi ya kosa lako mwenyewe. Mtu akikumbuka kwamba picha ya mkataba ilikuwa katikati ya picha za watoto, bado inapatikana. Siku tatu zikiisha bila aliyeuliza, mwaga pipa moja baada ya jingine. Baada ya hapo hakuna kurejesha.

Utakavyojua umefanikiwa: mapipa yote matatu ni matupu, utafutaji wa jina la mteja ndani ya Drive hauleti kitambulisho chake, na kiwango cha nafasi iliyotumika kimeshuka. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa Photos, Drive na Gmail kwa pamoja, na huenda namba isishuke papo hapo. Angalia tena kesho yake.

Kuna mpaka wa kazi hii ambao haufai kufichwa. Umefuta vilivyomo kwenye akaunti. Picha ambayo msaidizi aliipakua mwezi uliopita, au aliyoipiga kwa simu yake na bado imo kwenye folda ya kamera, haijaguswa. Kumtoa mtu kwenye akaunti hakufuti vilivyo ndani ya simu yake. Kwa nakala za vitambulisho vya wateja, mke atahitaji kumwomba msaidizi azifute na amwandikie ujumbe wa kuthibitisha.

## Hatua ya 7: Warudishe wenzako bila kuwapa nenosiri

Mume bado anahitaji kusoma maagizo ya wateja, na msaidizi mpya ataajiriwa. Usiwape nenosiri jipya. Kwa Gmail, tumia `Grant access to your account` kumwongeza mume kwa anwani yake mwenyewe: ataweza kusoma, kujibu na kufuta barua, lakini hataweza kubadili nenosiri, na akaunti ya kawaida inaruhusu hadi watu 10 wa aina hii. Kwa kuwa anaweza kufuta barua, ile folda ya risiti iwe na nakala kwenye diski.

Kwa Drive, fungua folda moja ya kazi na uishiriki na anwani ya kila mmoja, ukiwapa `Viewer` wale wanaosoma tu na `Editor` wale wanaoandika. Kwa picha za mapambo, albamu moja ya pamoja inatosha. Simu ya msaidizi mpya itumie akaunti yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, ili siku akiondoka kazi iwe ni kuondoa jina moja kwenye folda na jingine kwenye albamu, bila kugusa nenosiri la duka.